Alikiri polisi, mahakama ikayakataa maelezo

Kaka yangu alikamatwa saa mbili asubuhi, maelezo yakaandikwa kesho yake jioni. Wakili anasema yatatupwa. Kama amekiri mwenyewe, saa zinahusu nini?

Zinahusu sana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania inawapa polisi muda wa saa nne za kumhoji mtuhumiwa, kuanzia anapokamatwa. Mkuu anayesimamia upelelezi anaweza kuongeza saa zisizozidi nane kabla zile za mwanzo hazijaisha. Zaidi ya hapo, ni hakimu. Safari ya kumpeleka kituoni haihesabiwi, wala muda wa kumsubiri wakili au ndugu yake.

Katika rufaa ya Janta Joseph Komba na wenzake, Mahakama ya Rufani iliona kwamba kushikiliwa na polisi kupita muda huo kunamtesa mtu, kiakili au vinginevyo, hata kama hajaguswa. Kwa kaka yako, upande wa mashtaka utatakiwa kueleza zaidi ya saa thelathini zilikwenda wapi. Wakili aombe kitabu cha mahabusu mapema. Humo ndimo saa ya kuingia huandikwa.

Kwenye kesi ya Mbowe tulisikia "kesi ndogo". Ni nini hiyo?

Shahidi anapoomba maelezo ya onyo, yale mtuhumiwa aliyoyatoa polisi, yapokelewe kama kielelezo, utetezi unasimama na kupinga: hakuyatoa kwa hiari. Kesi kubwa inasimama hapo hapo, inaanza kesi ndogo ya kuamua hilo tu. Mashtaka ndio wanaoanza kuleta mashahidi, kwa kuwa mzigo wa kuthibitisha hiari ni wao. Mshtakiwa naye huelezea namna maelezo yalivyochukuliwa tu, si kama alitenda kosa.

Mwaka 2021 utetezi ulipinga maelezo ya Adam Kasekwa, mshtakiwa mwenza wa Mbowe, wakisema aliteswa na muda ulipita: alikamatwa Moshi tarehe 5 Agosti 2020, maelezo yakaandikwa Dar es Salaam tarehe 7. Jaji Siyani alitupa mapingamizi, maelezo yakapokelewa. Kwa hiyo kupinga si kushinda. Ila usipopinga pale pale yanapotolewa, kwenye rufaa utahangaika.

Kwa hiyo mwizi akikutwa na TV yangu, polisi wakikosea utaratibu wa upekuzi, anakwenda nyumbani?

Si lazima. Mtu akipigwa mpaka akakiri, ungamo hilo halina nafasi. Kosa la utaratibu ni jingine: mahakama hupima uzito wa kosa analoshtakiwa nalo, polisi wamekiuka kiasi gani, na kama ushahidi huo ungepatikana kihalali. Anayetaka utumike ndiye anayetakiwa kuishawishi mahakama. Katika rufaa ya Nyerere Nyague, Mahakama ya Rufani ilisema si kila ukiukwaji unafuta ushahidi moja kwa moja.

Na hata TV ikiondolewa kwenye vielelezo, jirani aliyemwona akiruka ukuta nayo bado ni shahidi.