Kumpigia ndugu aliye Chicago: lini ni mapema mno, lini umechelewa

> "Dada yangu amehamia Chicago, mimi niko UTC+3 ambako saa hazibadilishwi. Nikimpigia naambiwa nimemwamsha, nikisubiri naambiwa ameshalala au yuko kazini. Nyie wenzangu mnajuaje kama ni mapema mno au mmeshachelewa?"

Mkuu, kuona saa ya Chicago si tatizo, simu yako inakuonyesha. Tatizo ni kwamba unapiga kwa mazoea ya saa yako, na saa yako haisogei ilhali ya dada inasogea mara mbili kila mwaka. Kaka yangu anaishi Dallas, ukanda uleule wa Chicago, na mimi pia niko UTC+3, kwa hiyo hesabu zetu ni zilezile. Hapa chini nitaandika saa kama zinavyoonekana kwenye simu, yaani 16:00 ni saa 10 jioni, la sivyo "saa 8" ya mchana itagongana na "saa 8" za tofauti.

Chicago iko UTC−6 wakati wa baridi na UTC−5 wakati wamesogeza saa mbele. Kwa hiyo dada yupo nyuma yako kwa saa 9 kuanzia Novemba hadi Machi, na saa 8 miezi mingine yote. Tangu 2007 Marekani inasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mabadiliko hufanyika ikifika 2:00 usiku kwao. Kwako hiyo ni 11:00 asubuhi ile Jumapili ya Machi, na 10:00 asubuhi ile ya Novemba. Maana yake ni kwamba Jumapili hiyohiyo unaamka na tofauti ya zamani, na ukifika mchana una tofauti mpya. Ukipiga 16:00 Jumamosi ya mwisho kabla ya mabadiliko ya Novemba, kwake ni 8:00 na pengine ameshaamka. Kesho yake ukipiga 16:00 ileile, kwake ni 7:00, tena siku ya mapumziko.

Hapo ndipo penye jibu lako. Hatari ya kupiga mapema na hatari ya kupiga umechelewa hazina msimu mmoja. Ukiwa na saa yako uliyoizoea, Novemba inaharibu simu za asubuhi yake, kwa sababu kila unapopiga unamkuta saa moja mapema kuliko mwezi uliopita. Machi inaharibu simu za usiku wake. Tuseme una kawaida ya kumpigia ukiamka 6:30. Wakati wa baridi hiyo ni 21:30 ya jana yake, bado anazungukazunguka nyumbani. Wakishasogeza saa mbele, 6:30 yako inakuwa 22:30, na mtu anayeamka alfajiri kwenda kazini ameshazima taa.

Kwetu mwenye kawaida ya kupiga ni mama. Saa yake ilikuwa 16:00 kila Jumapili, na kuanzia Machi hadi Oktoba mazungumzo yalikuwa mazuri, kaka anacheka, anauliza habari za kila mtu. Ikiingia Novemba, kaka anapokea kwa sauti ya kitandani, "mm", "sawa mama", "nimekuelewa", basi. Mama anakata simu na kuanza kutuuliza kama kuna jambo analofichwa. Hakukuwa na jambo. Ilikuwa 7:00 ya Jumapili na mtu amelala.

Tulichofanya ni kuihamisha miadi ikae kwenye saa ya anayepigiwa. Wamekubaliana 8:00 ya Dallas. Kwa mama hiyo ni 16:00 au 17:00 kutegemea msimu, na hahitaji kukumbuka ni ipi. Nilimwekea kumbukumbu inayojirudia kwenye kalenda ya simu, lakini wakati wa kuiandika nilibadilisha ukanda wa saa wa tukio lenyewe kuwa Chicago (hapo unatafuta jina la mji, Dallas inatumia ukanda huohuo, ambao kwenye mifumo mingi umeandikwa `America/Chicago`). Ukiliacha tukio kwenye ukanda wako, kengele italia 16:00 mwaka mzima. Ukiliweka kwenye ukanda wake, Novemba inasogea yenyewe kwenda 17:00, na Machi inarudi. Jaribu kufungua kalenda wiki ya kwanza ya Novemba utazame tukio limekaa wapi. Kama halijasogea, ujue umesahau kubadilisha ukanda.

Sasa dirisha lenyewe, maana kujua tofauti hakukupi muda wa kupiga. Chukua siku ya kazi ya dada, tuseme anaamka 6:00, anaanza kazi 8:00, anapumzika 12:00, anatoka 17:00 na kulala 22:00. Ongeza 8 (kiangazi) au 9 (baridi) upate saa yako. Jioni yake, ile ambayo kila mtu anaidhani ndiyo muda mzuri, kuanzia 18:00 hadi 21:30, inaangukia kwako 2:00 hadi 5:30 kiangazi. Huko kote umelala. Ndiyo maana unasema ukisubiri unamkosa: ukisubiri atoke kazini, wewe mwenyewe umeshalala, na ukiamka yeye anaingia kitandani.

Siku za kazi kinachobaki ni vipande vyembamba. Kipande cha kwanza ni asubuhi yake kabla hajatoka, 6:30 hadi 7:30, ambacho kwako ni 14:30 hadi 15:30 kiangazi na saa moja zaidi wakati wa baridi. Muda huo anavaa, anatafuta funguo, hawezi kukaa na simu, kwa hiyo ni wa salamu tu. Mapumziko ya mchana ni 20:00 kwako kiangazi na 21:00 baridi. Mimi hiki ndicho ninachokipenda, kwa sababu nyote wawili mko macho na hakuna anayekimbilia kitanda, mradi umuulize kama mapumziko yake ni ya kweli au ni dakika 20 amesimama. Mazungumzo marefu yaache kwa Jumamosi na Jumapili. Kuanzia 9:00 yake hadi unapolala wewe ni saa kadhaa zilizo wazi pande zote mbili.

Ukitaka kwenda kinyume, kutoka saa yako kwenda yake, unatoa. Ikishuka chini ya sifuri, ongeza 24 na urudi siku moja nyuma. 5:00 kutoa 8 ni −3, ongeza 24 unapata 21:00 ya jana. Usiidharau hiyo "jana". Jumatatu yako alfajiri ni Jumapili usiku kwake, usiku ambao kesho yake ana kazi. Na Jumamosi yako alfajiri kwake bado ni Ijumaa usiku, ambapo 22:30 huenda isiwe kosa hata kidogo.

Hayo yote yanavunjika kama dada anafanya kazi za zamu. Akiingia 19:00 na kutoka 7:00, analala kuanzia kama 8:30 hadi 15:00. Ile 9:00 inayoonekana ya heshima kabisa kwenye saa ya simu ndiyo mbaya kuliko zote kwake. Kumpigia 10:00 ni sawa na kumpigia mtu wa kawaida usiku wa manane. Muda mzuri ni akiwa ametoka kazini, 7:15 hadi 8:00, ambao kwako ni 15:15 hadi 16:00 kiangazi. Zamu zikibadilika kila wiki, acha kukisia, mwombe akutumie picha ya ratiba.

Kuhusu kutazama simu badala ya kuhesabu: sawa, ila chagua mji, usichague herufi. CST inaweza kuwa saa za kati za Marekani au saa za China, na baina yao kuna saa 14. Angalia pia mji wenyewe, kwa sababu jimbo halitoshi. Sehemu kubwa ya Texas iko ukanda wa kaka, lakini El Paso iko saa moja nyuma. Na namba ya simu haikuambii mtu yuko wapi. Dada akisafiri kwenda Los Angeles namba ni ileile, saa ya dunia kwenye simu yako bado inasema Chicago, na 8:00 uliyoiona ni 6:00 kwake. Vilevile "alionekana mara ya mwisho" kwenye WhatsApp imeandikwa kwa saa yako wewe unayesoma. Ukiona 6:10, usidhani aliamka 6:10. Toa tofauti, utakuta ni 22:10 ya jana, na ukipiga muda huo ndio kwanza anasinzia.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakijui. Watu walio mbali na nyumbani huweka simu kimya usiku wakitegemea kwamba itawalinda. Lakini iPhone ina mpangilio unaoruhusu simu ya pili kutoka kwa mtu yuleyule ndani ya dakika 3 ipite na kulia, na simu nyingi za Android zina kitu hichohicho ndani ya dakika 15. Kiliwekwa kwa ajili ya dharura. Kwa hiyo ukimpigia kawaida asipokee, ukarudia papo hapo "labda hakusikia", huenda wewe ndiye uliyemwamsha, si ile simu ya kwanza. Asipopokea, tuma ujumbe mfupi: "Si dharura, nipigie ukiamka." Na kubalianeni kabisa kwamba ukipiga mara mbili mfululizo maana yake kuna jambo zito, apokee hata kama ni 3:00.