Maswali na Majibu: Kabla ya Kuilaumu Gilotini

Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 yaliiuaje rokoko? Tuna mtihani mwezi ujao. (Mwanafunzi, Eldoret)

Hayakuiua rokoko, ule mtindo wa Ufaransa wa karne ya 18 wa picha laini za mapenzi, bustani na starehe. Swali hili hunijia kila msimu wa mitihani, na kila mara linakuja limeshajijibu lenyewe: mfalme kaanguka, mawaridi na watoto wenye mabawa wakaanguka naye, kisha Warumi wakaingia na panga zao. Hadithi tamu, ila tarehe zinaikataa.

Tazama kisa kimoja tu. Madame du Barry, kimada wa mfalme Louis wa 15, alijengewa jumba dogo la starehe huko Louveciennes, magharibi ya Paris, likafunguliwa mwaka 1771. Msanifu alikuwa Claude-Nicolas Ledoux, naye alilijenga kwa mtindo wa kuiga Ukale wa Wagiriki na Warumi, uitwao uklasiki mpya: nguzo zilizonyooka, kuta tulivu, mapambo machache. Kwa ajili ya ndani yake Fragonard, mchoraji wa rokoko, aliagizwa picha nne, kila moja ikipita urefu wa mita tatu, za vijana wawili wanaopendana bustanini. Katika moja kijana anamkimbilia msichana na ua mkononi, katika nyingine anauparamia ukuta ili waonane kwa siri, kisha anavikwa taji la maua, na mwisho wamekaa pamoja wakisoma barua zao za zamani. Miti inafurika juu yao hadi karibu iimeze anga. Kwangu mimi hakuna kitu Fragonard alichowahi kuchora kilichozipita.

Zikarudishwa. Nafasi ikapewa mchoraji Joseph-Marie Vien, aliyeleta wapenzi waliovaa Kigiriki, wametulia, mikunjo ya mavazi imepangwa, wanaungana mbele ya madhabahu. Hakuna barua iliyobaki inayosema kwa nini bibi yule alibadili nia, na wataalamu bado wanabishana. Maelezo ninayoyakubali ni mepesi: ukiweka bustani ya Fragonard ndani ya kuta za Ledoux, kimoja kitamdhalilisha mwenzake, na jengo halikuwa la kubomolewa.

Sasa hesabu. Vien alikuwa kazini mwaka 1773, gereza la Bastille likavamiwa 1789, mapinduzi yalipoanza. Aliyezikataa picha zile hakuwa mwanamapinduzi. Alikuwa kimada wa mfalme, na mwaka 1793 gilotini ilimkata yeye mwenyewe. Tabaka lililoilea rokoko ndilo lililoichoka kwanza.

Uchovu huo una historia. Uchimbaji ulianza katika miji ya Kirumi iliyofukiwa, Herculaneum mwaka 1738 na Pompeii mwaka 1748, na michoro ya ukutani iliyofukuliwa ikawapa watu wa Paris Ukale wenye fanicha, vyombo na mavazi, wa kuigwa sebuleni. Wakati huohuo wakosoaji walianza kuinung'unikia picha laini kama dalili ya taifa lililolegea. Mwandishi Diderot alimwandama Boucher, mchoraji wa rokoko, miaka mingi. Alikiri kwamba bwana yule alikuwa na kila kitu isipokuwa ukweli. Na mwaka 1765, huku Diderot akimchana, Boucher akateuliwa mchoraji mkuu wa mfalme. Hivyo ndivyo ladha inavyobadilika: wa zamani anapandishwa cheo huku chini yake udongo unamomonyoka.

Kwenye mtihani andika kwamba mapinduzi yaliikuta rokoko iko mahututi. Mwalimu akikukata alama, mwonyeshe Louveciennes.

Rokoko iliisha tarehe ngapi?

Mitindo haina cheti cha kifo.

Nitatofautishaje picha za rokoko na za uklasiki mpya kwa jicho? Zote naona watu weupe wenye nguo nyingi. (Msomaji, Tanga)

Nimecheka, lakini swali lako lina afya kuliko la mtihani. Acha nguo. Tazama mambo mawili: watu wamepangwaje, na brashi imefanya nini.

Chukua "Bembea" ya Fragonard, ya mnamo 1767. Msichana mwenye gauni la waridi yuko hewani, kiatu chake kimoja kimeruka. Chini kushoto kijana amelala vichakani akitazama juu mahali asipopaswa kutazama. Nyuma, kivulini, mwanamume mwenye umri anaivuta kamba, na sanamu ya Kupidi, mungu wa mapenzi, imeweka kidole mdomoni kuwaambia wanyamaze. Hakuna mstari ulionyooka unaoishika picha. Jicho linapanda na kamba, linashuka na mguu, linapotelea kwenye majani. Ukisogea karibu, majani si majani tena, ni michirizi ya haraka ya brashi, na mchoraji hajajaribu kuificha.

Halafu nenda kwa "Kiapo cha Horatii" ya Jacques-Louis David, iliyochorwa Roma na kuonyeshwa Paris mwaka 1785. Nyuma kuna matao matatu yenye giza, na kila tao lina kundi lake: ndugu watatu wa Kirumi, Horatii, kushoto wamenyoosha mikono wakiapa kwenda kupigana, baba katikati ameshika panga tatu, wanawake kulia wameinama. Wote wamepangwa sambamba na uso wa picha, kana kwamba wamechongwa ukutani. Sakafu ina mistari, miguu imekanyaga, kila kiungo kina ukingo unaoweza kuufuata kwa kidole. Rangi imelainishwa hadi huoni mkono wa mchoraji. Kwa Fragonard unaona mtu akichora. Kwa David unaona jambo likitendeka.

Ila usiishie kwenye panga. Wengi hudhani ukali wa picha ile uko kwa wanaume. Wanawake wale wawili wanaolia, Camilla amechumbiwa na mmoja wa maadui, na Sabina ni dada wa maadui hao na ameolewa na mmoja wa ndugu hawa. Yeyote atakayeshinda, wao wamefiwa. David aliiweka kona ile ya mistari inayolegea ndani ya picha yake ngumu kuliko zote, na bila hiyo kiapo kingekuwa gwaride.

Angalizo ambalo hukuliuliza: ukiona mtu mtandaoni anaita picha "rokoko" kwa sababu tu ina pinki na dhahabu, au "klasiki" kwa sababu ina nguzo, usimwamini. Vien alichora mwaka 1763 mwanamke anayeuza Vikupidi kutoka kwenye kapu. Mpangilio wake unatoka kwenye mchoro wa ukuta uliofukuliwa Italia, lakini utani wake ni wa chumbani kwa Madame du Barry kabisa.

Picha za kwenye simu zinatosha kujifunzia?

Kwa mpangilio, ndiyo. Kwa ukubwa, zinadanganya. "Bembea" ina urefu wa sentimita 81 tu, picha ya kutazamwa na mtu mmoja faraghani. "Horatii" ina urefu wa mita 3.3 na upana wa zaidi ya mita nne. Kwenye kioo cha simu zinakuwa ndugu sawa, na nusu ya tofauti yao inapotea hapo.

Je, David alichora Horatii ili kuwachochea watu wamwondoe mfalme? (Wasomaji wengi)

Kwa mara ya mwisho: mfalme ndiye aliyelipa.

Louis wa 16 alipotawala mwaka 1774, alimpa d'Angiviller usimamizi wa majengo na sanaa za kifalme. Huyu alianza kuagiza kwa ajili ya maonyesho ya Saloni picha kubwa za historia zenye mafunzo ya uadilifu: ushujaa, kujinyima, utii kwa nchi. "Horatii" ilitokana na mpango huo. Serikali ilitaka sanaa nzito ili ionekane serikali nzito. Kiburi cha David kilikuwa kwingine: picha aliifanya kubwa kuliko ilivyoagizwa, na tukio lenyewe la kiapo akalibuni, maana Livy, mwanahistoria wa Roma ya kale, hasimulii kiapo kama hicho.

Maana ya uasi ilikuja baadaye, nayo ililetwa na watazamaji. Saloni ya 1789 ilimwonyesha David na "Brutus", baba wa Kirumi aliyewahukumu kifo wanawe kwa kula njama ya kumrudisha mfalme. Nayo ilikuwa oda ya kifalme. Mwezi Novemba 1790 tamthilia ya Voltaire kuhusu Brutus huyo ilirudishwa jukwaani Paris, na mwishoni waigizaji wakajipanga kama kwenye picha ya David. Turubai haikubadilika hata nukta. Ukumbi ndio uliobadilika.

Basi mapinduzi yalibadilisha nini, au unatuambia hayakuwa na kazi?

Yalikuwa na kazi kubwa, tena ya kikatili, lakini si ile mnayoipa. Yaliwafagia wateja: waliokuwa wakinunua bustani na bembea walikimbia, walifilisika au walikatwa vichwa. Yaliifungua Saloni mwaka 1791 kwa msanii yeyote, na Agosti 1793 yakaivunja Akademia ya kifalme ya wachoraji. Na yalimhamisha mchoraji kutoka nje ya serikali hadi ndani yake. David aliketi kwenye Bunge la Konvensheni na Januari 1793 alipiga kura mfalme auawe.

Hapo ndipo tunapata kitu ambacho kabla ya 1789 kisingewezekana, nacho ni "Kifo cha Marat". Marat, mwandishi na kiongozi wa mapinduzi, alichomwa kisu na Charlotte Corday tarehe 13 Julai 1793 akiwa kwenye beseni la kuogea, alikokuwa akituliza ugonjwa wa ngozi. Miezi michache baadaye David alikuwa na picha. Hakuna Mroma wala tao. Kuna beseni, kalamu, barua ya muuaji mkononi, na sanduku la mbao lililoandikwa jina la Marat na la mchoraji. Nusu nzima ya juu ni utupu. Ngozi ya mgonjwa imesafishwa ikawa ngozi ya shahidi, na huo ni uongo wa kisiasa, tuseme wazi. Walimu wanaosifu "ukweli" wa uklasiki mpya waanzie hapo. Na utazame ule utupu wa juu: umejaa madoa ya brashi yanayotetemeka, kazi ambayo Fragonard angeitambua.

Fragonard naye alipelekwa gilotini?

Hapana. Mwaka 1790 alirudi kwao Grasse na picha zake zilizokataliwa, akazitundika nyumbani kwa binamu yake. Baadaye aliyemsaidia kupata kazi katika jumba jipya la makumbusho la Louvre ni David yuleyule. Alifariki Paris mwaka 1806, wanunuzi wakiwa wamemsahau. Zile za Louveciennes leo ziko katika jumba la Frick, New York.

Rokoko ni upuuzi wa matajiri. Kwa nini unatupotezea muda? (Msomaji aliyekasirika)

Ni kweli ilikuwa starehe ya matajiri. "Horatii" nayo ililipwa kutoka hazina ya mfalme na "Kutawazwa kwa Napoleon" ya David kutoka ya mtawala wa kijeshi, lakini barua zenu hazizikasirikii hizo, kwa kuwa zina sura ya kazi na nidhamu. David mwenyewe alikuwa na udugu na Boucher upande wa mama, na alipotafuta mwalimu, ni Boucher mzee aliyemwelekeza kwa Vien.