Mstari ucheze, umbo litulie

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Amechora juu ya video ya simu, fremu kwa fremu, na anauliza kwa nini mtu wake anaonekana ana homa, na sura inabadilika kila nusu sekunde. Swali hilo nalipata mara nyingi, na karibu kila mara kosa ni moja: kinachotetemeka ni umbo, wakati kinachotakiwa kucheza ni mstari peke yake.

Tuchukue video ya sekunde 4: muuza kahawa ameketi barazani, anainua dele na kumimina kahawa kwenye kikombe. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde. Usichore zote 120. Chukua moja katika kila nne, upate michoro kama 30, yaani 7.5 kwa sekunde. Watu wengi huweka 8 kwa sekunde kwa sababu ni namba nzima, lakini 30 haigawanyiki kwa 8. Utapata hatua za fremu nne, nne, nne, kisha tatu, na mkono unaoinuka polepole utashtuka pale penye tatu. Kwenye kompyuta yenye programu ya ffmpeg, amri ni hii:

```
ffmpeg -i kahawa.mp4 -vf fps=7.5 picha_%03d.png
```

Kabla ya kuchora, pitia picha zote. Huenda ile ambayo dele limefika juu kabisa imerukwa. Kama ni hivyo, ichomoe kwenye video yenyewe uiweke badala ya jirani yake, kwa sababu bila kilele hicho mkono utaonekana umeghairi njiani. Na kama vidole vimefifia kwa sababu video ilipigwa gizani, usivibuni kimoja kimoja. Chora ule ukungu kama umbo moja refu, jicho litaelewa.

Ziingize picha kwenye Krita, programu ya kuchorea, kwa `Import Animation Frames`, zififishe hadi asilimia 40, kisha uchore kwenye leya ya juu yake. Hapa ndipo kazi inapoharibika. Ile alama ya balbu kwenye leya huonyesha mchoro uliopita kama kivuli. Wengi huiwasha, kisha bila kujijua wanafuata kivuli badala ya picha. Kosa dogo la mchoro wa 3 linarithiwa na wa 4, linakua kwenye wa 5, na ukifika wa 20 muuza kahawa ana taya la mtu mwingine. Izime unapochora. Iwashe ukimaliza, kwa kukagua tu.

Tena usianze wa 1 ukaenda moja kwa moja hadi wa 30. Chora kwanza wa 1, wa 10, wa 20 na wa 30, uvilinganishe vichwa vinne hivyo hadi vifanane, ndipo ujaze katikati. Amua mapema uso una mistari mingapi: nyusi mbili, macho mawili, mmoja wa pua, mmoja wa mdomo, mmoja wa taya. Ukiweka kunjo la shavu kwenye mchoro wa 6, ukalisahau kwenye wa 7, ukalirudisha kwenye wa 8, litawaka na kuzima kama taa mbovu. Mstari uwepo wakati wote au usiwepo kabisa.

Mcheze wenyewe una kipimo. Kwenye picha ya upana wa pikseli 1080, kwa kalamu ya pikseli 8, mstari mpya usihame kupita unene wake; lazima mahali fulani ukanyage ule wa zamani. Ukizidi hapo unaona tetemeko la ardhi. Wala usijilazimishe kutetemesha mkono. Chora kila mstari upya, kwa pigo moja, na tofauti itakuja yenyewe. Anayenakili mchoro mmoja na kuusogeza kidogo anapata kitu kinachoruka kizima kizima, na hicho ni kitu kingine kabisa.

Ukuta na benchi vichore mara tatu tu, kila mmoja ukae kwa muda wa michoro miwili ya mtu: 1, 2, 3, kisha 1 tena. Miwili haitoshi, maana jicho litanasa mapigo ya kwenda na kurudi. Hili linawezekana tu kama simu ilisimamishwa mahali pamoja. Video ya mkononi itakulazimisha kuchora ukuta mara 30.

Ukimaliza, toa michoro yako kama picha za PNG, uzipe majina `mchoro_001.png`, `mchoro_002.png` na kuendelea, kisha rudisha sauti ya asili:

```
ffmpeg -framerate 7.5 -i mchoro_%03d.png -i kahawa.mp4 -map 0:v -map 1:a -r 30 -pix_fmt yuv420p -shortest tayari.mp4
```

Sikiliza pale dele linapogusa kikombe. Kila mchoro unakaa sekunde 0.13, kwa hiyo mlio unaweza kutangulia mguso. Ukitangulia, usiiguse sauti: rudi kwenye video, chukua fremu ya mguso halisi, uchore mchoro huo mmoja upya.