Kusahihisha hotuba iliyonukuliwa: anza na h, ndipo uende kwenye amba-

Msomaji mmoja ameniuliza aanzie wapi anaposahihisha hotuba iliyonukuliwa kutoka kwenye rekodi, maana ukanushi na virejeshi vinamchanganya. Aanze na h.

Wasemaji wengi hawaitamki h ya mwanzo, na mnukuzi huandika alichosikia: "ajafika", "atukupata". Hizo hazina hatari, kwa kuwa -ja- na -ku- bado zinaonyesha ukanushi. Rudisha h uendelee. Wakati uliopo nao, kwa vitenzi vinavyoishia na -a, unalindwa na irabu ya mwisho: hata ukiandikwa "apati", hakuna atakayeudhania "anapata". Hatari iko kwenye wakati ujao, nafsi ya pili na ya tatu umoja. "Atalipwa" na "hatalipwa" hutofautishwa na h peke yake, kama "utalipwa" na "hutalipwa". Wingi hauna shida hiyo: "awatalipwa" haifanani na "watalipwa".

Kwa hiyo tafuta kila kitenzi kinachoanza na ata- au uta-, kisha urudie kusikiliza sentensi nzima, si neno hilo tu. "Wala", "kamwe" au "hata senti" zikiwa karibu, shuku kwamba h imedondoka. Sauti isiposikika, andika dakika na sekunde pembeni umuulize msemaji. Usikisie hata kidogo: hapo unageuza ahadi ya mtu.

Tuchukue sentensi kama hii ya mkutano wa kijiji:

"Barabara ambayo iliyoharibika aijatengenezwa, na mkandarasi ambaye asiyemaliza kazi atalipwa."

"Aijatengenezwa" ni "haijatengenezwa", basi. "Ambayo iliyoharibika" imerejesha mara mbili, -yo ya amba- na -yo ya kitenzi. Bakiza moja: "iliyoharibika" au "ambayo iliharibika". Napendelea ya kwanza, ni nyepesi kusoma.

Kwa mkandarasi usiwe na haraka ya kufuta amba-. "Asiyemaliza" haibebi alama ya wakati, kwa sababu -si- imekaa mahali pake. Ni mkandarasi yeyote wa namna hiyo. Kama msemaji alimlenga mmoja aliyeacha kazi nusu, andika "ambaye hajamaliza". Vivyo hivyo, "wananchi ambao hawakulipwa fidia" usiifupishe kuwa "wasiolipwa fidia", maana -ku- ya wakati uliopita itapotea. Ukikuta "asiyemalizi", irudishe -a: ile -i ni ya "hamalizi", haiingii kwenye umbo la -si-.

Limebaki "atalipwa". Muktadha unaelekeza "hatalipwa", lakini sarufi inakubali yote mawili, na huenda mwenyekiti alikuwa analalamika kwamba mtu huyo atalipwa bila kumaliza. Kabla ya kuongeza h, rudi kwenye rekodi usikilize anachosema baada ya hapo.