Mwezi haupungui kwa kivuli cha dunia: waonyeshe kwa balbu na mpira

Waulize wanafunzi wa darasa la sita kwa nini mwezi hupungua, na wengi watakujibu kwamba ni kivuli cha dunia. Ukiwakatalia ubaoni watanakili unachosema, kisha watabaki na imani yao. Ndiyo maana natumia balbu moja na mipira myeupe, na hicho kivuli nawaachia wakitafute wenyewe.

Balbu iwe wazi, bila kifuniko, katikati ya chumba na usawa wa vichwa vyao. Madirisha yazibwe kwa mablanketi. Mwanga ukivuja, upande wa nyuma wa mpira nao utang'aa na mpaka wa nuru na giza hautaonekana. Ukiona hivyo, ziba zaidi kwanza. Mpira wenye ukubwa wa chungwa unatosha. Uchomeke kwenye kijiti cha mshikaki ili vidole visiuzibe, na kama ni wa plastiki inayometa, upake chaki.

Kichwa cha mwanafunzi ndicho dunia. Anaielekea balbu, ananyoosha mkono na kuinua mpira juu kidogo ya kichwa. Upande anaouona ni mweusi: mwezi haujaandama. Sasa ageuke kushoto polepole pamoja na mpira, na ukingo wa kulia utaanza kupata nuru, mwembamba kama ukucha. Balbu ikifika sikio la kulia, nusu ya mpira inang'aa.

Hapo nawasimamisha wote. "Kivuli cha kichwa chako kiko wapi?" Wanatafuta, wanakikuta ukutani upande wa kushoto, mbali na mpira. Lakini nusu ya mpira ni nyeusi! Usiwajibie. Waache wabishane mpaka mmoja aseme kwamba weusi ule ni upande wa mpira wenyewe uliogeukia mbali na taa.

Waendelee hadi balbu iwe mgongoni, mwezi mpevu. Atakayeshusha mkono atauficha mpira kwenye kivuli cha kichwa, na huko ndiko kupatwa kwa mwezi. Lazima mtu aulize mbona haupatwi kila mwezi. Jibu ni kwamba mkono ni mfupi mno: kwa vipimo halisi mpira ungekaa mita tano hivi kutoka kichwani, na njia ya mwezi imeinama nyuzi 5 hivi, kwa hiyo mara nyingi mwezi hupita juu au chini ya kivuli.

Kuna tatizo jingine ambalo vitabu vingi havilitaji. Michoro huonyesha hilali imesimama wima, nuru kulia, ilhali huku kwetu karibu na ikweta hilali ya magharibi hulala kama mtumbwi. Mwambie mwanafunzi arudi kwenye ule ukucha wa nuru, kisha alaze kichwa kwenye bega la kushoto. Nuru itahamia chini, kama anavyoiona jioni akitazama jua lilikozama.