Jiwe halifutiki: Kilatini cha shule na makosa yaliyonifunza

Wiki iliyopita kijana mmoja niliyewahi kumfundisha aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Fundi anaanza kuchonga Jumatatu, naomba uniangalizie haraka." Chini ya salamu aliweka mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa kaulimbiu mpya ya shule anayofundisha, LABOR ET SCIENTIA AD LUCEM DUCIT, yaani kazi na elimu huongoza kwenye nuru. Wa pili ulikuwa wa jiwe la kuwakumbuka waanzilishi wawili wa shule hiyo:

HIC LAPIS IN MEMORIA FUNDATOREM SCHOLAE NOSTRAE A DISCIPULI POSITA EST ANNO DOMINI MMXXV

Walitaka kusema: jiwe hili limewekwa na wanafunzi kwa kumbukumbu ya waanzilishi wa shule yetu, mwaka wa Bwana 2025. Nilikuta makosa manne, yote kwenye jiwe. Kaulimbiu haikuwa na kosa hata moja, na hapo ndipo kidonda changu cha zamani kilipotoneshwa.

Miaka mingi nyuma niliombwa kukagua kaulimbiu ya shule nyingine, nayo ilikuwa na viima viwili na kitenzi cha umoja. Nilikuwa nimetoka kufaulu mtihani wa Kilatini, kichwa kimevimba. Nikaandika barua ndefu: viima viwili, kwa hiyo ducunt, kamwe si ducit. Nikaongeza na sentensi ya kejeli kuhusu watu wanaoshika kalamu kabla ya kushika sarufi. Barua ikasomwa mbele ya walimu wote. Mzee mmoja aliyekuwa amefundisha Kilatini tangu kabla sijazaliwa akasimama, hakubishana, akaandika ubaoni maneno ya Cicero, msemaji na mwandishi maarufu wa Roma ya kale, kutoka insha yake kuhusu uzee: Mens enim et ratio et consilium in senibus est. Akili, busara na shauri vimo ndani ya wazee. Viima vitatu, kitenzi kimoja cha umoja, est. Kisha akakaa. Watu walicheka, na hadi leo nikikutana na mmoja wao ananiita "Ducunt".

Kwa hiyo nisikilize mimi niliyeumia. Kilatini kinaruhusu umoja pale viima vinapokuwa mambo ya kufikirika ambayo mwandishi anayaona kama kitu kimoja, au pale kitenzi kinapofuata kiima kilicho karibu nacho zaidi. Labor na scientia ni mambo ya aina hiyo, hivyo ducit ni sahihi na ducunt pia ni sahihi. Viima vikiwa watu, kwa mfano magister et discipulus vikitangulia kitenzi, andika wingi, utakuwa salama. Nasi tunaijua hali hii. Mtu akisema "kazi na elimu inatuongoza" na mwingine "zinatuongoza", huwezi kumfukuza yeyote kati yao.

Sasa turudi kwenye jiwe. Ushauri wangu wa kwanza, na karibu wa pekee: anza na kitenzi. Usianze kushoto kwenda kulia. Hapa kitenzi ni posita est, "limewekwa". Uliza ni nini kimewekwa. Ni lapis. Fungua kamusi, utakuta lapis, lapidis, kisha herufi m. Herufi hiyo moja ndiyo watu wengi huiruka, wakati ndiyo inayobeba jinsia ya neno. Lapis ni la kiume, na HIC limekubaliana nalo vizuri, lakini posita ni umbo la kike. Aliyeandika huenda alilinakili kutoka jiwe jingine lililosema schola condita est, ambako schola ni la kike na kila kitu kilikuwa sawa. Inapaswa kuwa POSITUS EST. Sisi tuliokua na ngeli hatuna kisingizio: hakuna kati yetu anayesema "jiwe hili umewekwa".

Ukishamaliza na kitenzi, nenda kwenye kila kihusishi ukaulize kinadai nini. A, kwa maana ya "na" ya mtendaji, inadai ablativi, yaani umbo la neno linaloonyesha mtendaji, njia, mahali au wakati. Discipuli si ablativi. Ni "wanafunzi" wakiwa kiima, au "wa mwanafunzi". Ablativi ya wingi ni DISCIPULIS, herufi moja zaidi. Halafu in. Hii ndiyo ya ujanja, kwa sababu inakubali miishio miwili na kila mmoja una maana yake. Ikifuatwa na ablativi inamaanisha kuwamo mahali; ikifuatwa na akusativi, umbo la kitu kinachotendwa, inamaanisha kuelekea. IN MEMORIA ni "ndani ya kumbukumbu", ambayo si sentensi mbovu kisarufi, ndiyo maana inawaponyoka wengi. Jiwe linawekwa kwa lengo la kumbukumbu, kwa hiyo IN MEMORIAM. Programu yoyote ya kukagua maneno ingeipitisha memoria bila kelele. Maana ndiyo inayokamata kosa la namna hii.

Mwisho FUNDATOREM. Kijana aliniapia kwamba aliangalia jedwali. Namwamini, ila jicho liliteleza mstari mmoja. Fundatorem ni akusativi ya umoja, mwanzilishi mmoja anayetendwa. Baada ya memoriam tunataka "ya nani", yaani genetivi, na waanzilishi ni wawili: FUNDATORUM. Angekuwa mmoja, ingekuwa FUNDATORIS. Niligundua hapa kwamba kukagua jiwe bila kuuliza habari za watu wanaokumbukwa ni kujidanganya, maana sarufi peke yake haiwezi kukuambia walikuwa wangapi. ANNO niliiacha. Ni ablativi ya wakati, haihitaji kihusishi.

Nilimrudishia hivi: HIC LAPIS IN MEMORIAM FUNDATORUM SCHOLAE NOSTRAE A DISCIPULIS POSITUS EST ANNO DOMINI MMXXV. Sikuweka kejeli hata moja. Nakiri niliisoma mara tatu kwa sauti nikijipongeza.

Kuhusu kaulimbiu nilimwambia ukweli: ducit ibaki. Lakini kwenye kamati yao kulikuwa na "Ducunt" mwingine, na ugomvi ukawaka. Nikamsimulia kisa alichokihifadhi Aulus Gellius, mwandishi wa karne ya 2. Pompeyus, jemadari wa Roma, alikuwa akiandikisha hekaluni cheo chake cha konsuli, mtawala wa juu wa Roma, akashindwa kujua aandike konsuli tertium au tertio kwa maana ya "mara ya tatu". Wasomi waligawanyika. Cicero, badala ya kumuudhi yeyote, akashauri iandikwe TERT. na herufi za mwisho ziachwe.

Kijana alicheka, akauliza kama wanaweza kuandika DUC. Nikamwambia kaulimbiu iliyokatwa mkia hakuna mwanafunzi atakayeisoma, ila kitenzi chenyewe kinaweza kuondoka. Kikiondoka, kazi na elimu haziwi tena viima. Zinakuwa njia, "kwa kazi na elimu kwenye nuru", na njia katika Kilatini ni ablativi: LABORE ET SCIENTIA AD LUCEM. Kamati ilikubali usiku huohuo.

Asubuhi ujumbe mwingine ukaingia. "Mwalimu, samahani, labor umeibadilisha kuwa labore, mbona scientia umeisahau?" Sikuisahau. A ya mwisho ya ablativi hutamkwa kwa kuvutwa, ile ya kiima hukatwa fupi, na patasi ya fundi haina alama ya kuzitofautisha.