Ukiambiwa "kanseli tumalizane nje", kataa. Soma yaliyonipata njia ya Watamu

"Nimehamia Malindi kikazi, nakaa Muyeye. Nataka kuweka apu ya teksi na ya kuagiza chakula. Niweke kadi au M-Pesa? Ile ya kushea safari mwaiwashaje? Halafu jana dereva aliniambia nikanseli tumalizane nje ya apu, bei ikashuka. Kuna ubaya?"

Ubaya upo, dada, na ndio naanza nao, hayo mengine yatangoja. Ukikanseli halafu ukapanda gari hilohilo, usidhani umepunguza bei tu. Safari yenyewe umeifuta. Kwa wenye apu, wewe siku hiyo hukwenda popote na dereva hakukubeba. Na ile linki ya kushea safari uliyomtumia mtu wako imekufa palepale ulipobonyeza.

Mimi nilitoka Nairobi kwa ndege ya jioni, nikashuka uwanja wa Malindi na mizigo yangu, naelekea Watamu kwa shemeji, na mke wangu yuko huko tayari. Apu ikanipa bei 1,650, malipo nimeweka kadi. Nikamtumia mke wangu linki, roho baridi kabisa. Dereva hata hajafika getini akapiga simu: "Mkubwa, waelekea wapi? Walipa kadi au keshi?" Nikamwambia kadi. Akashusha pumzi. "Kadi pesa yangu yaja baadaye, nami mafuta nataka leo. Kanseli, nipe 1,400 tumalizane."

Nikamwambia anipe dakika, nikampigia shemeji. Shemeji wangu huyu ni wale watu ambao hujawahi kuwasikia wakisema "sijui". "Kanseli bwana! Sisi huku sote twafanya hivyo. Hao wa apu wapewe pesa za nini, wao ndio wanaoendesha gari?" Nami mtu mzima, mwenye kazi na watoto, nikafuata ushauri wa mtu ambaye apu yenyewe hana kwenye simu. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Sitalisema zaidi, nisije nikavunja undugu hapa jukwaani.

Ukikanseli, apu inakuuliza sababu. Kwenye ile orodha kulikuwa na chaguo la kusema dereva ndiye aliyeniomba. Yeye akiwa bado kwenye simu akaniomba nisiguse hilo, ati akaunti yake itafungwa, nibonyeze kwamba nimebadilisha mpango. Nikabonyeza. Kumbuka hilo, lina kazi yake mbele.

Gari lililokuja silo lililokuwa kwenye skrini. Apu ilionyesha jeupe, likaja la kijivu. Akasema lake liko gereji, hili ni la ndugu yake. Ningetaka kulinganisha namba ya gari ningelinganisha na nini? Nilipokanseli maelezo ya gari yalitoweka kwenye skrini. Huko Watamu mke wangu akafungua linki, ikamwambia safari haipo tena. Akadhani ndege imechelewa, akaendelea na mapishi.

Tukafika salama, na hiyo nashukuru Mungu. Nikateremsha sanduku, akanitajia namba nitume kwa M-Pesa. Jina lililojitokeza kabla ya kuthibitisha lilikuwa la mwanamke. Nikajiambia labda ni mkewe, nikatia pini. Akageuza gari. Niko mezani, samaki wa kupaka yuko mbele yangu, ndipo nikakumbuka begi la laptopu lilikuwa kwenye buti, nyuma ya sanduku.

Nikapiga, mteja hapatikani. Nikaingia kwenye apu sehemu ya vitu vilivyopotea. Kitu cha kwanza inataka uchague ni safari uliyopotezea. Safari iko wapi? Nikawaandikia huduma kwa wateja, wakanijibu kwa adabu nyingi kwamba rekodi yao yaonyesha abiria alikanseli kwa sababu alibadilisha mpango, hivyo hakuna safari ya kufuatilia. Kidole changu mwenyewe ndicho kilichomtolea dereva ushahidi. Polisi wakaniandikia OB, wakauliza namba ya gari. Sina. Jina la dereva? Ninalo la kwanza tu, lile la kwenye apu. Namba iliyopokea pesa ni ya mwanamke nisiyemjua. Kuna mtu akanishauri niombe pesa irudishwe kwa kutuma ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456. Ile ni ya pesa iliyokwenda namba isiyo yake, dada. Yangu ilikwenda kulekule nilikoituma, begi ndilo lililopotea. Na juu ya hayo, kadi yangu ikakatwa ada ya kukanseli kwa sababu dereva alikuwa ameshaanza kuja. Laptopu hadi leo sijaiona. Shemeji bado yuko, ana afya njema na ushauri mwingi.

Sasa tufanye hesabu, maana wengi mwadhani dereva anawapa zawadi. Kanuni za 2022 za magari ya apu hapa Kenya ziliweka ukomo wa kamisheni asilimia 18. Tuchukue hiyo ya juu kabisa. Kwa 1,650, kampuni inachukua 297, dereva anabaki na 1,353. Nje ya apu nilimpa 1,400. Kwa hiyo yeye aliongeza shilingi 47 na kupata pesa yake siku hiyohiyo, mimi nikaokoa 250 kabla ya ile ada. Kilichotolewa ili sisi wawili tugawane hizo pesa ni rekodi ya safari yenyewe. Sisemi madereva ni wezi, wengi ni watu wanaohangaika na bei ya mafuta, na huyu wangu labda naye aliliona begi kesho yake tu. Lakini hata dereva mwema, ukisahau kitu kwenye gari lake na safari haipo, huna mlango wa kubisha.

Kanuni yangu ni moja, niandikie hata ukutani: safari ianze na iishe ndani ya apu, akitaka kukanseli akanseli yeye. Mwambie hivyo kwa upole, "Kaka, kama haikufai kanseli wewe, nitapata mwingine." Mara nyingi anakuja mwenyewe. Akikataa kuja na kukanseli hataki, hapo ukanseli wewe, lakini uchague ile sababu ya kweli, na gari lake usipande.

Na dawa ya kuzuia simu hizo ni kwenye swali lako la malipo. Kadi ndiyo inayowafanya waombe, kwa sababu pesa ya kadi inapitia kwa kampuni kwanza. Weka keshi kwenye apu, halafu mwisho wa safari umlipe kwa M-Pesa. Ila usitume mpaka abonyeze kumaliza safari na bei ya mwisho itokee kwenye simu yako, si yake tu. Ukitia namba yake, tazama jina linalojitokeza kabla hujathibitisha. Likiwa si la yule dereva wa kwenye apu, simama, mwombe namba yake mwenyewe, au mpe noti. Kama apu yako inatuma ombi la M-Pesa moja kwa moja, ile skrini inayojitokeza ikuombe pini, hiyo ni bora zaidi maana malipo yanabaki yamefungwa na safari. Soma kiasi na jina la kampuni ndipo utie pini.

Kushea safari: ingia kwenye menyu ya usalama, mara nyingi imeandikwa "Safety" au ina alama ya ngao. Humo utakuta "Trusted Contacts" au jina la kufanana nalo. Weka mtu anayeshika simu usiku, si yule anayelala saa mbili. Fanya hivyo ukiwa nyumbani na intaneti nzuri, si ukiwa umesimama stendi na mfuko begani. Kama kuna chaguo la namba ya siri ya safari, iwashe kwa safari zote. Hapo dereva hawezi kuanza safari mpaka umsomee tarakimu zilizo kwenye skrini yako. Msomee baada ya kuangalia namba ya gari na sura yake, si kwenye simu akiwa bado barabarani. Na usiichanganye na ile namba ya siri inayokuja kwa ujumbe mfupi ukiingia kwenye akaunti. Hiyo ya ujumbe hapewi mtu yeyote, awe dereva, awe "huduma kwa wateja", awe shemeji.

Kisha jambo ambalo mimi sikulijua na watu wengi hawalijui. Linki ya apu haifuati simu yako, inafuata simu ya dereva. Ndiyo maana ukipanda gari jingine, au safari ikikanselewa, mtu wako hana anachokiona, au anaona gari ambalo wewe humo. Kwa hiyo itume ukishalinganisha namba na safari imeanza, na umwombe mtu wako aifungue mara moja akwambie anaona gari gani. Ukipanda tuktuk ya kusimamisha njiani, ambayo haina apu wala linki, tumia WhatsApp, ile ya kushea mahali ulipo moja kwa moja. Hiyo inafuata simu yako wewe. Ina dakika 15, saa 1 au saa 8. Kwenda Watamu usichague dakika 15, itakatika kabla hujafika, chagua saa 1. Na simu iwe na chaji, maana ikizima hata hiyo imekwisha.

Kama kazi itakupeleka Lamu mjini, hizi zote zifunge mfukoni. Kule ni boti na miguu, na punda hajaingia kwenye apu bado. Ukishuka Mokowe shea kwa WhatsApp mpaka uvuke.

Ya chakula wataijibu wengine, mimi napikiwa. Wewe kwanza fungua apu sasa hivi uingie hapo kwenye "Safety", na ukikosa kuiona andika hapa chini simu yako ni aina gani na apu ni ipi, tukuelekeze.